Breki Isifunguliwe kwa Kitufe: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Usalama na Afya Kazini,
Nairobi.

Nakala kwa wakaguzi walioidhinishwa wa mitambo ya kunyanyulia mizigo, na kwa mameneja wa matengenezo wa viwanda vya Kisumu na ukanda wa ziwa.

KUH: KUPIMA WAKATI WA KUFUNGUKA KWA BREKI ZA KRENI ZILIZOFUNGWA DRAIVU

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Mimi ni fundi wa umeme hapa Kisumu. Kazi yangu ni kreni na winchi: za karakana, za maghala, na za viwanda vya sukari kuanzia Kibos hadi Muhoroni. Nakuandikia kuhusu jambo moja tu ambalo nimelikuta mara nyingi kiasi kwamba siwezi tena kulinyamazia. Kreni nyingi za zamani katika eneo letu zimeondolewa kontakta na kufungwa draivu, ile mashine ya kielektroniki inayobadilisha kasi ya mota. Mabadiliko hayo ni mazuri. Mzigo huanza taratibu, kamba hairushwi, na mota hupata nafuu. Lakini mara nyingi breki huachwa ikifanya kazi kwa mpangilio wa zamani, na hapo ndipo mzigo unapopata mwanya wa kuanguka.

Naomba nieleze kwanza kilichotokea, kisha sababu yake, kisha ninachoomba.

Kilikuwa kiwanda kimoja cha ukanda wa miwa, ambacho sitakitaja. Karakana yao ina kreni ya tani 5, na siku hiyo ilikuwa imebeba rola ya kinu iliyokaribia uzito huo. Ilikuwa alasiri, na mvua ya radi ilikuwa inashuka kutoka milima ya Nandi kama kawaida ya majira yale. Opareta alikuwa amebonyeza kitufe cha kupandisha. Umeme ukalegea kidogo, taa zikafifia na kurudi. Draivu ikaona umeme umepungua kuliko inavyoruhusu, ikatripu, ikaiachia mota. Kontakta ya breki haikuachia, kwa sababu umeme haukupungua kiasi cha kuiangusha, na kidole cha opareta kilikuwa bado kwenye kitufe. Kwa hiyo breki ilibaki wazi, huku mota haina nguvu yoyote.

Rola ilisimama hewani kwa nukta, kisha ikaanza kushuka. Opareta alidhani macho yanamdanganya, kwa sababu mkono wake ulikuwa unaiambia mashine ipande. Alipoachia kitufe, ilikuwa imepita sekunde moja na kidogo. Breki ikakaba, moshi ukatoka, na rola ikasimama karibu nusu mita chini ya pale ilipokuwa. Kijana aliyekuwa akiweka mbao za kuikalia alikuwa ndiyo kwanza ameondoa mikono yake.

Niliitwa kesho yake. Foromani aliniambia, "Jaduong', imeshuka kidogo tu. Nusu mita. Tubadilishie pedi za breki tuendelee na kazi." Nilifungua kifuniko cha nyuma cha mota. Feni ya plastiki ilikuwa imepasuka vipande vipande, na vipande vimetawanyika ndani ya kifuniko. Feni ile imetengenezwa kwa mota ya mizunguko 1,440 kwa dakika. Kitu kilikuwa kimeizungusha mara kadhaa ya hapo.

Hili ndilo wengi hawalioni, Mheshimiwa, na naomba nilieleze kwa hesabu nyepesi. Kreni ile hupandisha mita 6 kwa dakika, na mota yake ni ya kilowati 7.5. Kati ya mota na kamba kuna giaboksi inayopunguza kasi sana, kwa hiyo mzigo ukishuka sentimita chache, mota huwa imezunguka mara nyingi. Breki ikiwa wazi na mota haina nguvu, mzigo hauanguki kama jiwe, kwa sababu lazima kwanza uikimbize mota. Kwa makadirio yangu ya uzito wa sehemu zinazozunguka, katika sekunde 0.4 za kwanza ndoano hushuka kama sentimita 3 tu. Jicho linaweza kupuuza sentimita 3. Lakini katika muda huo huo mota imeshafika mizunguko 2,000 kwa dakika, ikienda kinyume. Ikitimia sekunde 1, mzigo umeshuka chini ya sentimita 20, na mota inazidi mizunguko 5,000. Breki inayofunga wakati huo haishikilii tena mzigo uliotulia. Inajaribu kuzima kitu kinachokimbia kuliko kilivyoundwa. Pedi huungua na kuwa laini kama kioo, na mara ijayo hushika vibaya zaidi.

Kwa hiyo "imeshuka kidogo tu" si faraja. Katika kreni yenye giaboksi, kushuka kidogo ni alama ya mota iliyokwisha kutoroka.

Nilipowauliza maopareta, niligundua kwamba dalili ilikuwepo tangu draivu ilipofungwa. Mmoja wao alisema, "Kila asubuhi ukibonyeza juu, kwanza inashuka kama inapumua, halafu ndiyo inapanda. Tulizoea." Hakuna aliyeliandika popote, kwa sababu mzigo ulikuwa ukipanda hatimaye.

Sasa sababu. Breki ya kreni hufungwa na springi na kufunguliwa na koili ya umeme. Umeme ukikatika, springi hukaba. Huo ni mpango mzuri, na umeokoa watu wengi. Zamani, mota ilipokuwa ikiwashwa moja kwa moja na kontakta, koili ya breki ilichukua umeme pamoja na mota. Kontakta ikifunga, mota hupata nguvu yake papo hapo na breki hufunguka wakati huo huo. Amri na nguvu vilikuja pamoja, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuvitenganisha.

Draivu imevitenganisha. Ukibonyeza kitufe, draivu hupokea amri, lakini mota haina nguvu bado. Kwanza lazima sumaku ijengeke ndani ya mota, na hilo huchukua sehemu ya sekunde. Kisha mkondo lazima upande mpaka utoe nguvu ya kuzungusha inayotosha mzigo. Fundi aliyeunganisha breki na kitufe, au na rilei ya draivu inayosema "ninafanya kazi", ameifungua breki katika pengo hilo. Mzigo hushuka kwanza, kisha draivu huukamata na kuupandisha. Huo ndio ule "upumuaji" wa asubuhi. Siku draivu ikitripu huku breki imeunganishwa na kitufe, pengo halina mwisho mpaka mtu aondoe kidole.

Wengine huiacha koili kwenye nyaya za mota zinazotoka kwenye draivu. Hilo nalo ni kosa, kwa sababu katika kasi ndogo draivu hutoa volti ndogo. Breki hufunguka nusu, inatetemeka, inasugua, na huungua polepole bila mtu kujua. Koili lazima ipate umeme wake yenyewe, na rilei ya draivu ndiyo iwe mlinzi wa mlango.

Dawa imo tayari ndani ya draivu nyingi tunazonunua, na watengenezaji wakubwa kama ABB, Schneider na Rockwell wameiweka kwa ajili ya kreni. Ni kuthibitisha nguvu kabla ya kufungua breki, na mpangilio wake ni huu. Opareta anabonyeza kitufe. Breki inabaki imefungwa. Draivu inajenga sumaku ndani ya mota, kisha inaisukuma mota kuelekea juu dhidi ya breki iliyofungwa. Inapima: je, mkondo au nguvu imefika kiwango kilichowekwa? Fezi zote tatu zipo? Kama kuna enkoda, je, shafti imetulia, au breki inateleza? Majibu yote yakiwa sawa, ndipo rilei inafunga na koili inapata umeme. Draivu inasubiri muda wa breki kufunguka kimwili, kisha ndiyo inaongeza kasi. Jibu moja likikosekana, breki haifunguki kabisa. Draivu inaonyesha hitilafu, na mzigo unabaki pale pale umeshikwa na springi.

Kusimama ni kinyume chake. Draivu inapunguza kasi karibu na sifuri, inakata umeme wa breki, lakini haiachii mota mara moja. Inaendelea kuushika mzigo mpaka muda wa breki kukaba upite. Zile zenye enkoda huendelea kuangalia. Shafti ikitambaa baada ya breki kukaba, draivu inaurudia mzigo na kupiga kengele badala ya kuuacha.

Mota inasukuma kuelekea juu hata opareta akibonyeza kitufe cha kushusha. Hilo huwashangaza mafundi wengi, lakini fikiria: mzigo unavuta chini wakati wote. Ukianza kushusha kwa kusukuma chini, umeuongezea mzigo msaada ambao hauuhitaji.

Hivi ndivyo nilivyoweka kreni ile ya tani 5, ambayo draivu yake ni Altivar. Mota imeandikwa ampea 15 kwenye kibao chake.

```
bLC = r2
bIP = YES
Ibr = 15.0 A
brt = 0.30 s
bEn = 4.0 Hz
bEt = 0.20 s
```

Mstari wa kwanza unaipa rilei ya pili kazi ya breki. Wa pili unaamuru msukumo wa kwanza uwe wa kupandisha daima. `Ibr` ni mkondo ambao lazima ufikiwe kabla ya breki kufunguka. `brt` ni muda wa kuisubiri ifunguke, `bEn` ni masafa ambayo breki hukaba wakati wa kusimama, na `bEt` ni muda wa kuushika mzigo mpaka ikabe kweli. Nyakati hizo mbili nilizipima kwenye breki ile ile. Sikuzikopa kutoka kreni nyingine.

Naomba nisimame kwenye `Ibr`, kwa sababu ndipo penye mtego. Kreni nyingine niliyoitwa kuiangalia ilikuwa na mpangilio huu wote, na bado mzigo ulikuwa ukishuka kwanza. Mota ilikuwa ya ukubwa ule ule, na mtu alikuwa ameweka `Ibr` ampea 5. Mota kama hiyo hunywa karibu ampea 7 ikizunguka bila mzigo wowote, kwa ajili ya sumaku yake tu. Kwa hiyo draivu ilikuwa inaona ampea 5, inaamini nguvu ipo, na kufungua breki. Kumbe mkondo ule ulikuwa wa sumaku, haukuwa na nguvu ya kubeba hata gunia. Uthibitisho ulikuwepo kwenye karatasi, na haukuthibitisha chochote. Mimi huanza na mkondo kamili wa mota, kisha narekebisha kidogo nikiwa nimening'iniza mzigo wa majaribio karibu na sakafu.

Jambo lingine dogo lenye uzito mkubwa ni mahali pa kukata umeme wa koili. Koili nyingi hulishwa kupitia rektifaya. Ukikata upande wa umeme unaoingia kwenye rektifaya, mkondo huendelea kuzunguka ndani ya koili kwa muda, na breki huchelewa kukaba. Ukikata upande wa pili, kati ya rektifaya na koili, breki hukaba haraka zaidi. Kwa winchi ya kunyanyua, njia ya pili ndiyo ya haki, ikiwa na kinga ya cheche ambayo mtengenezaji wa breki anaitaja. Swichi ya dharura nayo lazima ikate umeme wa koili moja kwa moja, bila kuiomba draivu ruhusa.

Sitaki nimpe mtu matumaini ya uongo. Kuthibitisha nguvu hakuoni kila kitu. Kunathibitisha njia ya umeme kutoka draivu hadi mota, na kwa msaada wa enkoda, kunathibitisha kwamba breki inashika. Hakuoni meno ya giaboksi yaliyolika, wala kaplingi iliyopasuka kati ya mota na giaboksi, wala kamba iliyokatika nyuzi. Breki ikiwa upande wa mota na kaplingi ikavunjika, mzigo utaanguka hata draivu ikiwa na akili zote za dunia. Na draivu isiyo na enkoda haijui kama shafti inazunguka. Inajua ampea tu. Kwa hiyo macho na mikono ya mkaguzi bado yanahitajika, pamoja na kuangalia paneli zetu za ziwani, ambako unyevu hutia diski za breki kutu na wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi hujaa kwenye vichujio vya feni hadi draivu ikatripu kwa joto. Draivu itatripu siku moja. Suala ni mzigo utakuwa mikononi mwa nani siku hiyo.

Sasa ninachoomba kwako, Mheshimiwa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mitambo ya kunyanyulia ichunguzwe na mtu uliyemwidhinisha. Nimesimama pembeni katika chunguzi nyingi. Mkaguzi huangalia ndoano, kamba, swichi za mwisho, na huning'iniza mzigo wa majaribio uliozidi kiwango kidogo ili kuona kama breki inaushika. Kazi hiyo ni muhimu. Lakini mzigo ukining'inia umetulia, breki imeshafungwa. Jaribio linaonyesha kwamba breki ikifungwa inashika. Halionyeshi breki inafunguka lini, na nani anayeifungua. Kreni ya rola ile ilikuwa na cheti halali. Breki yake ilishika mzigo wa majaribio vizuri kabisa.

Ombi la kwanza: fomu ya uchunguzi wa kreni yoyote yenye draivu iwe na swali moja jipya, lijibiwe kwa kufuata waya kwenye paneli, si kwa kuuliza: ni nini kinachoipa koili ya breki umeme? Kama jibu ni kitufe, kontakta ya mwelekeo, au rilei inayosema tu kwamba draivu inafanya kazi, kreni isipewe cheti mpaka irekebishwe.

Ombi la pili: majaribio mawili yafanywe mbele ya mkaguzi. Hayahitaji kifaa cha bei. Katika la kwanza, ning'iniza mzigo kamili sentimita 20 kutoka sakafuni, hakuna mtu karibu, simamisha, chora alama ya chaki kwenye ngoma ya kamba na kwenye fremu iliyo mbele yake, kisha bonyeza juu. Alama ikirudi nyuma hata upana wa kidole kabla ya kwenda mbele, breki inafunguka kabla ya nguvu. Katika la pili, ndoano ikiwa tupu na umeme umezimwa na kufungwa kwa kufuli, subiri mpaka volti ya ndani ya draivu ishuke, tenganisha waya mmoja wa mota, rudisha umeme, bonyeza juu. Breki isifunguke; draivu ioneshe hitilafu. Ikifunguka, kreni hiyo siku moja itafungua breki mota ikiwa imekatika waya, na mzigo ukiwa juu ya mtu. Waya urudishwe kwa utaratibu ule ule, na kila mwelekeo ujaribiwe upya.

Ombi la tatu: kuondoa kontakta na kufunga draivu kuhesabiwe kuwa mabadiliko ya mtambo, si matengenezo ya kawaida. Kreni ichunguzwe upya kabla ya kurudi kazini, na karatasi yenye mipangilio ya breki ibaki ndani ya mlango wa paneli, pamoja na nyakati za breki zilizopimwa na tarehe. Nimekuta draivu zilizobadilishwa usiku wa dharura, mpya ikawekwa na mipangilio ya kiwandani, na hakuna aliyejua kwamba zamani breki ilikuwa inasubiri chochote.

Kisumu inanyanyua zaidi ya ilivyokuwa ikinyanyua. Bandari imefufuliwa, MV Uhuru II imeunganishwa hapa hapa kwenye uwanja wa meli, na viwanda vya miwa vinabadilisha mitambo ya zamani kila msimu wa kusimama. Kila moja ya kazi hizo ina mtu anayesimama karibu na mzigo kwa sababu kazi yake inamtaka asimame hapo: anayefunga minyororo, anayeweka mbao, anayeelekeza kwa mkono. Yeye hana njia ya kujua kilicho ndani ya paneli. Anaiamini alama ya cheti kwenye nguzo ya kreni.

Kijana yule wa mbao bado anafanya kazi pale. Baada ya marekebisho nilimwita, tukachora chaki pamoja kwenye ngoma, opareta akabonyeza juu. Mota ililia kwa sauti ya chini, kama inavuta pumzi, na alama haikusogea. Kisha tukasikia breki ikifunguka, ndipo alama ikaanza kupanda. Aliniuliza kwa nini imechelewa kuondoka. Nilimwambia kwamba inahakikisha kwanza imeushika mzigo.

Naomba kuchelewa huko kwa nusu sekunde kuwe sharti la cheti, Mheshimiwa, katika kila kreni yenye draivu.

Wako mwaminifu katika kazi,

Fundi wa umeme wa kreni,
Kisumu.